Maswali Niliyomwandikia Mtoa Mada ya Malezi

Katika kikao cha kamati ya msikiti wetu hapa Momela, kilichoketi baada ya swala ya Isha, nilikabidhiwa kazi mbili kwa nafasi yangu ya ukatibu. Ya kwanza ilikuwa kumwandikia barua ya mwaliko dada mmoja anayezunguka vijijini akitoa mada za malezi ya watoto wadogo. Ya pili ilikuwa kuandaa maswali mapema, ili wazazi wasije wakasikiliza, wakala pilau na kutawanyika. Mwenyekiti alikuwa na sababu yake. Kulikuwa na shilingi 2,400,000 zilizochangwa kwa ajili ya darasa la watoto wa chini ya miaka sita katika madrasa yetu, na kamati ilikuwa imegawanyika. Baadhi walitaka fedha zile zinunue bembea, midoli ya plastiki na chati za Kiingereza kutoka mjini Arusha. Wengine hawakuona haja, lakini hawakuwa na hoja. Ikaamuliwa kwamba tumsikilize mgeni kwanza.

Mada za aina hii zimekuwa nyingi tangu serikali ilipozindua, Desemba 2021, ile Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto. Jambo hilo ni jema. Lakini sikuwaeleza wenzangu kwamba mimi nilikuwa na jeraha langu mwenyewe na mada moja ya namna hiyo.

Mwaka uliotangulia nilihudhuria semina mjini. Mtoa mada, mtu mpole na mwenye bidii, alituonesha picha ya ubongo na kutuambia kwamba asilimia 90 ya ubongo hukamilika kabla ya miaka mitano, kwamba mlango wa lugha huanza kufungwa mtoto anapofika miaka mitatu, na kwamba mtoto akizungumzishwa lugha mbili kabla ya umri huo huchanganyikiwa na kuchelewa kusema. Binti yangu Nasra alikuwa na miaka miwili na miezi miwili. Maneno yake ya Kiswahili yalikuwa machache kuliko ya mtoto wa jirani. Nilipanda gari la kurudi Momela nikihesabu: miezi kumi imebaki.

Usiku ule nilimwomba mama yangu, ambaye ndiye anayeshinda na mtoto sisi tukiwa kazini, aache kumsemesha Kimeru. Mama hakubishana nami. Alisema tu, "Sawa, mwanangu, ninyi ndio mliosoma."

Kiswahili cha mama ni cha sokoni na cha salamu. Kinamtosha kuuza ndizi na kuulizana hali na wageni. Kubembeleza mtoto, kumkanya, kumtania, kumsimulia kisa cha fisi, yote hayo mama huyafanya kwa Kimeru, kama alivyotufanyia sisi. Kwa hiyo nilipomzuia lugha ile, hakuhamia nyingine. Alinyamaza. Ilipita karibu miezi miwili kabla ya mke wangu kuniambia, "Baba Nasra, mama siku hizi hasemi na mtoto. Anamlisha, anamwogesha, basi."

Tulipompeleka Nasra kliniki, muuguzi alituuliza jambo ambalo halikuulizwa na mtu yeyote semina ile: ana maneno mangapi kwa lugha zote? Tukarudi nyumbani na daftari. Kwa siku nne mimi, mke wangu na mama tuliandika kila neno ambalo mtoto alilisema mwenyewe, kwa maana, bila kuigizwa. Neno lililotamkwa vibaya lilihesabiwa, maadamu sisi wa nyumbani tulijua analotaka. Tulipata maneno 31 ya Kiswahili na 24 ya Kimeru. Vitu tisa alikuwa na majina yake kwa lugha zote mbili, maziwa na mbuzi vikiwa miongoni mwake. Kwa hiyo alikuwa na maneno 55 yaliyotaja vitu na matendo 46. Tena alikwisha kuanza kuunganisha mawili, na mara nyingine moja lilikuwa la bibi na jingine la mama yake.

Kipimo ambacho wataalamu wengi hukitumia kama alama ya kumtazama mtoto kwa makini ni cha miaka miwili: akiwa na maneno chini ya 50 hivi na haunganishi mawili, afuatiliwe. Ukimhesabia Nasra Kiswahili peke yake, alikuwa nyuma sana. Ukimhesabia kinywa kizima, hakuwa mtoto wa kwanza darasani, lakini hakuwa mgonjwa. Na hivi ndivyo tafiti za watoto wa lugha mbili zinavyoonesha tangu miaka ya 1990: maneno ya kila lugha ikipimwa peke yake huwa machache kuliko ya mtoto wa lugha moja, na yakijumlishwa hukaribiana naye. Lugha mbili si chanzo cha ugonjwa wa kuchelewa kusema. Muuguzi alituuliza pia kama Nasra hugeuka akiitwa kwa nyuma, kama huonesha kitu kwa kidole, na kama kuna maneno aliyokuwa nayo akayapoteza. Hayo, alisema, ndiyo yanayomkosesha yeye usingizi.

Ndipo nilipoketi kuandika maswali. Chuoni tulifundishwa kutoipokea riwaya kwa sababu tu msemaji wake ni mtu mwema. Tuliulizwa: umeisikia kwa nani, naye aliisikia kwa nani, na matini yake yanasema nini hasa? Nikaona nianze hivyo hivyo na ile asilimia 90.

Msemo ule una asili ya kweli. Ubongo wa mtoto wa miaka mitano au sita hukaribia asilimia 90 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Tazama vichwa vya watoto wa darasa la kwanza na miili yao, utaliona hilo bila mashine. Lakini matini yanasema ukubwa. Hayasemi kwamba asilimia 90 ya kujifunza imekwisha. Kibuyu kikishafikia ukubwa wake hakijajazwa. Sehemu za ubongo zilizo nyuma ya paji la uso, zinazohusika na kupanga na kujizuia, huendelea kukomaa hadi mtu anapita miaka 20. Swali langu la kwanza kwa dada yule, basi, lilikuwa hili: asilimia 90 ya nini?

La pili lilihusu mlango unaofungwa, na hapa Momela tuna mfano ambao kila mtu anaubeba kinywani. Maji ya upande huu wa Mlima Meru yana madini mengi ya floraidi yatokayo katika miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingi vya kwetu vinapita hapo mbali. Maziwa yenyewe ya Momela, wanakokula heroe, yana mamia. Ndiyo maana meno yetu ni ya kahawia, na watu wa mikoani hututambua tukicheka. Sasa, madhara haya ya meno yana mlango halisi. Gamba gumu la meno ya mbele ya ukubwani hutengenezwa ndani ya ufizi kuanzia miezi michache baada ya kuzaliwa hadi miaka minne au mitano. Mtoto akinywa maji yale katika miaka hiyo, jino litatoka likiwa limekwisha kuharibika, na hakuna maji safi ya baadaye yatakayolirudisha. Mtu aliyekulia Tanga akahamia Momela akiwa na miaka 20 atakunywa maji yetu maisha yake yote bila meno yake ya mbele kupata madoa yale. Mifupa yake ni habari nyingine, hiyo hudhurika hata ukubwani.

Huo ndio mlango unaofungwa kweli: kabla yake unadhurika, baada yake hudhuriki, na tarehe zake zinajulikana. Je, lugha ni hivyo? Kwa jambo moja zito, inakaribia kuwa hivyo. Mtoto aliyezaliwa kiziwi, akakaa miaka yake ya mwanzo bila kupata lugha yoyote, wala ya sauti wala ya alama, hupata taabu ya kudumu katika kuimudu lugha akiwa mkubwa. Kwa hiyo mtoto asiyegeuka akiitwa hapaswi kungojewa hata mwezi mmoja. Lakini mtoto anayesikia, anayesemeshwa na bibi kwa Kimeru na na baba kwa Kiswahili, hayumo katika hatari hiyo. Maneno mapya huingia mpaka uzeeni; mimi niliyapata ya Kiarabu nikiwa na ndevu. Kumtisha mzazi wa mtoto huyu wa pili kwa habari ya yule wa kwanza ni kuchanganya dawa za wagonjwa wawili. Mimi nilitishwa hivyo, na matokeo yake nilimnyamazisha mama yangu.

Kuna namba nyingine inayosafiri sana katika mada hizi: kwamba mtoto wa nyumba masikini, akifika miaka minne, amesikia maneno milioni 30 pungufu ya mtoto wa wasomi. Hiyo ina sanad fupi. Inarudi kwa watafiti wawili wa Marekani, Betty Hart na Todd Risley, waliochapisha kitabu chao mwaka 1995. Waliingia katika nyumba 42 za jimbo la Kansas, saa moja kila mwezi kwa takribani miaka miwili na nusu, wakarekodi maneno aliyoambiwa mtoto. Kazi hiyo ilikuwa ya subira kubwa. Lakini nyumba za watu waliokuwa wakiishi kwa msaada wa serikali zilikuwa sita tu, na hizo milioni 30 hazikuhesabiwa; zilipatikana kwa kuzidisha saa zilizorekodiwa mpaka kujaza miaka minne. Waliohesabiwa sana ni wazazi wakimsemesha mtoto. Watafiti wengine, Douglas Sperry na wenzake, walipokwenda katika jamii kadhaa za Marekani na kuchapisha matokeo yao miaka zaidi ya 20 baadaye, walikuta familia masikini zinatofautiana mno zenyewe kwa zenyewe, na kwamba ukihesabu wote wanaomsemesha mtoto pamoja na mazungumzo anayoyasikia pembeni, picha hubadilika. Wapo wanaowajibu kwamba mazungumzo ya pembeni hayamfundishi mtoto mdogo sawasawa na anayoambiwa yeye, na hoja hiyo ina uzito. Kwangu mimi, hata hivyo, swali lilikuwa jepesi zaidi. Angekuja mtu na kinasa sauti nyumbani kwetu, akarekodi baba na mama tu, tena jioni tukiwa tumechoka, angeandika kwamba Nasra hasemeshwi. Bibi, aliyekuwa akimpa nusu ya maneno yake, asingeonekana katika daftari.

Nilibakiwa na suala la michezo, ambalo ndilo lililokuwa na fedha ndani yake.

Ushahidi wenye nguvu kuliko wote niliouona kuhusu kucheza na watoto wadogo hautoki katika chumba cha midoli. Unatoka Kingston, Jamaika, mwaka 1986 na 1987. Sally Grantham-McGregor na wenzake walichukua watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa miezi 9 hadi 24, wakawagawa kwa bahati nasibu katika makundi manne. Kundi moja lilipewa kilo moja ya maziwa ya lishe kila wiki. La pili lilitembelewa nyumbani kila wiki, saa moja, na mhudumu wa afya wa mtaani, aliyecheza na mtoto mbele ya mama yake na kumwelekeza mama kuendelea siku zilizobaki. La tatu lilipata vyote viwili, la nne halikupata kimojawapo. Kazi ikaendelea miaka miwili. Vitu vya kuchezea vilitengenezwa kwa mikono, kutokana na vifaa vya kawaida vya nyumbani. Watoto wale walipofuatiliwa wakiwa na miaka 22, waliotembelewa walikuwa wakipata kipato cha wastani cha asilimia 25 zaidi ya wasiotembelewa. Maziwa peke yake hayakuacha alama kama hiyo.

Habari hii husimuliwa mara nyingi, na mara nyingi hukatwa mkia. Watoto wale walikuwa wamedumaa. Haisemi lolote juu ya mtoto mwenye afya njema aliyeongezewa mdoli wa kumi. Walikuwa wachache. Na kilichopimwa hakikuwa mchezo pekee, bali mtu mzima aliyeletwa kila wiki, bila kukosa, akabadilisha namna mama anavyokaa na mwanawe. Mtu akikuuzia bembea kwa ushahidi wa Jamaika, muulize ni nani atakuja kila wiki.

Karibu na sisi kuna mfano unaotuhusu moja kwa moja, kwa kuwa ni wa madrasa. Katika miaka ya 1980 Bi Swafiya Said, mwalimu wa pwani ya Kenya, alianzisha pamoja na Mfuko wa Aga Khan mpango wa madarasa ya awali yaliyounganishwa na madrasa, kwa ombi la wazazi Waislamu waliotaka watoto wao waingie shule ya msingi wakiwa tayari, bila kuikosa dini yao. Mpango ukafika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Watoto hujifunza katika pembe za darasa: hapa vifuu, visoda na kokwa za kuhesabia, pale sufuria na kanga za mchezo wa nyumbani, kwingine vitabu. Walimu ni wanawake wa mtaa huohuo, waliofundishwa kwa muda mrefu na kutembelewa darasani. Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg walichapisha mwaka 2008 utafiti wa watoto wa nchi hizo tatu, wakilinganisha waliosoma madarasa hayo, waliosoma madarasa mengine ya awali, na waliobaki nyumbani. Makundi yote mawili ya shule yaliwapita wa nyumbani katika vipimo vya akili, na wale wa madrasa wakawapita wenzao wa shule nyingine.

Nilifurahi kuisoma habari hiyo, na kwa sababu nilifurahi nilijilazimisha kuiuliza maswali makali zaidi. Watoto hawa hawakugawanywa kwa bahati nasibu. Mzazi anayempeleka mwanawe shule huenda ndiye yule yule anayemsemesha zaidi nyumbani. Watafiti wenyewe hawakulificha hilo, ndiyo maana waliwapima watoto tangu mwanzo ili waone nani ameongezeka kiasi gani. Tena tofauti kati ya aina mbili za shule haiwezi kuwa ni ya vifuu. Kilichotofautiana ni mwalimu aliyefundishwa na kufuatwa.

Nilimtumia dada yule maswali siku tatu kabla, kwa heshima, nikimweleza kwamba lengo si kumtega. Alinipigia simu usiku. Alisema, "Ustadh, hiyo ya asilimia tisini nilipewa mafunzoni nami nikaipokea. Sikuwahi kuuliza asilimia tisini ya nini." Siku ya mada alikuja bila slaidi ile. Alizungumza juu ya usikivu, na akawafundisha wazazi kumjaribu mtoto nyumbani: akiwa anacheza na mgongo umekuelekea, mtu mwingine amshughulishe mbele, nawe uite kwa sauti ya kawaida kwa nyuma, mara kadhaa, siku tofauti. Kwa Kimeru au kwa Kimaasai, alisema, ni sawasawa. Asipogeuka, mpelekeni hospitali, msingoje. Mama mmoja alibaki nyuma baada ya wengine kuondoka, na alizungumza naye muda mrefu kando ya mlango.

Kuhusu fedha, kikao hakikuwa kifupi. Mzee mmoja alishikilia bembea mpaka mwisho, na sikumlaumu. Watoto wanapenda bembea. Lakini hesabu ilipowekwa mezani, tuliamua sehemu kubwa impe posho mwalimu wa watoto wadogo kwa mwaka wa kwanza na kumgharimia mafunzo, na inayobaki inunue tangi la lita 2,000 na mabati ya kukinga maji ya mvua kutoka paa la madrasa. Maji ya mvua hayana floraidi ya kutajika, na yatakuwa ya kunywa kwa watoto hao tu. Wapo waliouliza kwa nini tusichemshe ya bomba. Kuchemsha huua vijidudu, hakuondoi floraidi. Maji yakipungua chunguni, floraidi iliyobaki huzidi ukali. Wakati wa kiangazi tangi likikauka itatubidi kutumia chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kama linavyotengenezwa kwenye kituo cha Ngurdoto, ambalo lina kasoro yake: mkaa huchoka bila kubadilisha rangi wala ladha ya maji, na usipopima hujui kwamba umeanza tena kunywa yale yale. Nani atapima, na kila baada ya muda gani, bado hatujakubaliana. Vifuu hatuna, hapa si pwani, lakini visoda na magunzi yameanza kuletwa.

Mama nilimwomba radhi asubuhi ya pili baada ya ile kliniki. Alicheka, akauliza kama sasa ana ruhusa. Juzi nilirudi mapema, nikawakuta barazani wakipukuchua mahindi. Nasra alikuwa akisimuliwa kisa cha fisi, na kila bibi yake alipofika mahali anapopajua, alimkatisha na kukimalizia yeye, Kimeru na Kiswahili vikipishana katika sentensi moja, na bibi akamsahihisha neno moja, kisha akamwacha aendelee.